Pampu Inanguruma, Nyumba Bado Baridi

Katika nyumba nyingi za Uingereza, boila hupasha maji moto na pampu ndogo huyasukuma hadi kwenye rejeta za vyumbani. Asubuhi moja ya Januari boila yetu ilikuwa ikiwaka na pampu ikinguruma, lakini rejeta zote zilikuwa baridi.

Niligusa mabomba kwa tahadhari. Lililoingia kwenye pampu lilikuwa la moto, lililotoka lilikuwa baridi. Maji hayakupita, kwa hiyo ama hewa ilinaswa ndani ya pampu, ama rota ilikwama. Hewa husikika ikibwabwaja. Rota iliyokwama huguna tu, na mwili wa pampu huwa wa moto kupita kawaida.

Nilizima umeme, nikasubiri maji yapoe, nikatandika kitambaa chini. Pampu yetu ni ya zamani, yenye skrubu pana katikati ya uso wake. Nilipoilegeza, hewa kidogo ilitoka, kisha matone. Nikaitoa yote. Ndani mna ncha ya mhimili yenye mfuo, nami nikaujaribu kwa bisibisi bapa. Uligoma, kisha ukaachia ghafla; uchafu mweusi wa kutu ndio ulioubana.

Niliiweka pampu kwenye kasi ya 3 kwa dakika chache ili kusukuma hewa iliyobaki, kisha nikairudisha 2. Kasi kubwa ikiachwa huleta kelele mabombani, na mifumo yenye tangi darini inaweza kunyonya hewa upya. Pampu nyingi mpya za kielektroniki hazina skrubu hii. Hizo mwachie fundi.