Kanuni ya Nane na Molekuli Zisizoitii

Likizo iliyopita nilikuwa nawasaidia vijana wa kidato cha nne kujiandaa na mtihani wa kemia. Binti mmoja aliinua mkono akauliza, "Frateri, ulisema kila atomi inataka elektroni nane. Mbona boroni hapa ina sita?" Nilimjibu haraka kwamba ile ni kanuni yenye vighairi, tukaendelea. Usiku nikaona nimemdanganya kidogo, kwa sababu neno "kighairi" halielezi kitu. Haya ndiyo niliyopaswa kumwambia.

Tuanze na kanuni yenyewe. Mwaka 1916 mkemia wa Marekani, Gilbert Lewis, alipendekeza kwamba atomi hushikana kwa kushirikiana jozi za elektroni, na kwamba mara nyingi kila atomi huishia kuzungukwa na elektroni nane katika ganda lake la nje. Haidrojeni hutosheka na mbili. Kuihakiki kanuni hii kunahitaji hesabu tu. Unajumlisha elektroni za nje za atomi zote, unaweka jozi moja katika kila kifungo, zinazobaki unazigawa kama jozi pweke, kisha unahesabu kila atomi imezungukwa na ngapi.

Fanya hivyo kwa boroni trifloridi, BF₃. Boroni ina elektroni 3 za nje, kila florini ina 7, hivyo jumla ni 24. Vifungo vitatu vinakula 6, zinabaki 18, yaani jozi tisa, na kila florini inapata jozi tatu. Florini zote zimefika nane, lakini boroni iko katikati na sita tu, na elektroni zimekwisha.

Mwanafunzi mwerevu atasema: basi florini moja iikopeshe boroni jozi, tuchore kifungo maradufu, nane itatimia. Kwenye karatasi inawezekana. Tatizo ni kwamba mchoro huo unaifanya florini iwe na chaji chanya, na florini ndiyo atomi yenye uchu mkubwa wa elektroni kuliko zote. Hata hivyo wazo hilo halikosi ukweli kabisa. Vifungo vya BF₃ ni vifupi kuliko tunavyotarajia kwa kifungo kimoja cha kawaida, ishara kwamba florini hurudisha kidogo. Kidogo, si jozi nzima.

Upungufu wenyewe unajulikana kwa tabia ya gesi hiyo. BF₃ ni gesi, na amonia, NH₃, ni gesi pia. Naitrojeni ya amonia ina jozi moja pweke isiyotumika katika kifungo chochote. Gesi hizo mbili zikikutana, hutokea kitu kigumu cheupe: naitrojeni imeitoa jozi yake nzima, boroni imeipokea, na nane imetimia. Hata umbo hubadilika. Molekuli ya BF₃ ilikuwa bapa kama sahani, florini tatu kuizunguka boroni. Jozi ya amonia inapoingia, florini hizo huinama kuipisha. Kwa hiyo sita ya boroni si kosa la uchoraji. Ni nafasi iliyo wazi, na wakemia huitumia kila siku kuvuta jozi kutoka kwa molekuli nyingine na kuchochea mabadiliko.

Salfa heksafloridi, SF₆, ina tatizo la upande wa pili. Salfa ina 6, florini sita zina 42, jumla 48. Vifungo sita peke yake vinaizungushia salfa elektroni 12. Vitabu vingi vya shule husema kwamba salfa, kwa kuwa iko katika mstari wa tatu wa jedwali la elementi, ina vyumba vya ziada vinavyoitwa d vya kuwekea elektroni za juu ya nane. Mimi mwenyewe nilikariri hivyo. Hesabu za kina za elektroni zimeonyesha kwamba vyumba hivyo viko juu mno kinishati na mchango wao ni mdogo. Kinachotokea ni kwamba florini huzivuta zile jozi kwa nguvu, kiasi kwamba muda mwingi ziko upande wake. Ukihesabu kwa nukta, salfa ina 12. Ukitazama elektroni zilipo hasa, haijajaza ghala kiasi hicho.

Kwa nini basi oksijeni, ambayo ina elektroni 6 za nje kama salfa, haifanyi hivyo? Haipo OF₆, na oksijeni huishia OF₂. Sababu kubwa ni udogo wake. Florini sita haziwezi kusongamana kuizunguka bila kusukumana. Tena oksijeni yenyewe ni mchoyo wa elektroni, haikubali kuvutwa hivyo.

Watu wengi hudhani kinachovunja kanuni lazima kiwe dhaifu. SF₆ ni tulivu sana, na hutumiwa kwenye vifaa vya kukatia umeme wa msongo mkubwa kwa sababu huzima cheche. Lakini ndugu yake SF₄, yenye florini nne tu, huvamiwa na maji mara moja na kutoa haidrojeni floridi, ambayo ni hatari. Maji yangeweza kuivunja SF₆ pia na nishati ingetoka. Yanashindwa kwa kuwa florini sita zimeizingira salfa pande zote, na hakuna mlango wa kuingilia. Utulivu huo una gharama yake: gesi hiyo ikivuja hudumu hewani kwa karne nyingi, na kilo moja hunasa joto kuliko maelfu ya kilo za kaboni dioksidi.

Kundi la tatu halihitaji hata mchoro. Naitrojeni oksidi, NO, ina 5 na 6, jumla 11. Namba witiri haigawanyiki kwa jozi, hivyo lazima elektroni moja ibaki peke yake na atomi moja ikose nane. Naitrojeni dioksidi, NO₂, ina 17, hali ni ile ile. Hiyo ya pili ni gesi ya kahawia yenye sumu kwa mapafu, na maabara nyingi huionyesha ikiwa imefungwa ndani ya mrija wa kioo. Mrija ukitiwa kwenye barafu, rangi hufifia. Ukitiwa kwenye maji moto, ukahawia hurudi. Kwenye baridi molekuli mbili huunganisha elektroni zao pweke na kuwa N₂O₄, isiyo na rangi, yenye elektroni 34 na nane kwa kila atomi. Joto huzitenganisha tena. NO yenyewe, kwa joto la kawaida, haipendi kuungana hivyo, maana elektroni yake ya ziada imetandazwa juu ya atomi zote mbili na kuungana kungeipa faida ndogo.

Binti yule sasa angeweza kuuliza swali gumu zaidi: je, molekuli ikitimiza nane, mchoro wake ni wa kuaminika? Chora oksijeni tunayovuta, O₂. Elektroni 12, kifungo maradufu, jozi mbili pweke kila upande, nane kwa nane, hakuna iliyobaki peke yake. Kisha ipoze hadi iwe kimiminika, chini ya nyuzi 183 hasi za Selsiasi, uimimine katikati ya ncha za sumaku yenye nguvu. Inaning'inia pale, imeshikwa, jambo linalohitaji elektroni pweke. O₂ inazo mbili, na mchoro wa nukta hauonyeshi hata moja.