Dirisha la Magharibi na Ukubwa wa Kiyoyozi

Mafundi wengi wakiitwa kufunga kiyoyozi hupima sakafu, kisha hutaja ukubwa wa mashine. Lakini sakafu haileti joto. Joto huletwa na jua, watu, vifaa na hewa ya nje, na karatasi ya hesabu inapaswa kuonyesha kila kimoja kimekadiriwa vipi.

Tuchukue ofisi ya mita za mraba 60 jijini Dar es Salaam, ghorofa ya kati, yenye wafanyakazi 8. Nje tunakadiria nyuzi 33, ndani tunataka 24. Ukuta wa magharibi una vioo vya kawaida, mita za mraba 9. Saa kumi jioni jua huwa limeinama na kupiga kioo usoni. Tukichukua wati 500 kwa kila mita ya mraba, hizo ni kilowati 4.5, na joto linalopenya kioo kwa sababu nje kuna joto kuliko ndani huongeza 0.5. Watu wote 8 hutoa kilowati 1 tu. Kompyuta, taa na printa ni 1.5, kuta 0.3.

Hewa safi ndiyo husahaulika zaidi. Kila mtu akipewa lita 10 kwa sekunde, kuipoza na kuikausha hewa hiyo kunahitaji kilowati 3, na sehemu kubwa ni unyevu wa pwani. Viyoyozi vingi vya ukutani huzungusha hewa ileile ya chumbani, hivyo lazima iwepo feni ya kuingiza hewa.

Jumla ni kilowati 10.8. Ukiongeza asilimia 10 ya tahadhari unapata 11.9, yaani takriban BTU 40,600 kwa saa: mashine mbili za 24,000. Kabla ya kuzinunua, ningeshughulikia dirisha kwanza. Kibaraza cha juu hakisaidii sana dhidi ya jua lililoinama. Vinahitajika vizuizi vya wima vilivyofungwa nje ya kioo. Vikishusha joto la jua hadi kilowati 1.5, jumla pamoja na tahadhari inakuwa 8.6, na mashine moja ya 18,000 na nyingine ya 12,000 zinatosha.

Kununua kubwa "kwa usalama" kuna madhara yake. Mashine isiyoweza kupunguza kasi hufikisha nyuzi 24 haraka, ikajizima kabla ya kukausha hewa. Chumba kinakuwa baridi lakini chenye unyevunyevu, karatasi zinalegea, ukungu unaota nyuma ya makabati. Kipima unyevu cha bei nafuu kitakuonyesha: kikibaki juu ya asilimia 65 wakati chumba ni baridi, shuku ukubwa wa mashine.

Idadi ya watu nayo iandikwe. Kila mfanyakazi anayeongezwa, pamoja na kompyuta yake na hewa yake, huongeza karibu wati 600. Ofisi hii ikiajiri wengine 4, mashine hizo mbili hazitoshi tena.