Sukari Kwenye Chai, Barafu Kwenye Juisi

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza akiulizwa kwa Kiswahili sukari imekwenda wapi baada ya kukorogwa kwenye chai, hujibu bila kusita: imeyeyuka. Akiulizwa kuhusu kipande cha barafu kilichotiwa kwenye juisi, jibu ni lile lile: kimeyeyuka. Hakuna wa kumcheka, maana ndivyo kila mtu anavyosema, jikoni hadi kijiweni. Tatizo huja kwenye mtihani wa kemia, anapotakiwa kuliandika jibu hilo kwa Kiingereza. Hapo anakuta maneno mawili, moja la barafu na jingine la sukari, na akiyabadilisha mtahini hana budi kumkata alama.

Nchini Tanzania wanafunzi wengi hukutana na jambo hili wakiwa na umri wa miaka kumi na mitatu au kumi na minne. Tangu 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na sekondari zikabaki na Kiingereza. Mwaka 1982 tume ya rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kiingie sekondari kuanzia 1985, lakini serikali haikulikubali pendekezo hilo. Kwa hiyo mtoto aliyesoma sayansi miaka yote kwa Kiswahili huvuka likizo moja tu, kisha anaikuta sayansi ile ile ikizungumza lugha nyingine.

Faharasa ya istilahi ilibuniwa kwa ajili ya pengo hilo. Ile ya kawaida ni karatasi yenye safu mbili, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, iliyotolewa fotokopi mpaka herufi zimefifia. Inasaidia sana kwa maneno kama usanisinuru, ambalo mwanafunzi hana maana nyingine ya kulichanganya nalo. Kwa maneno ambayo amekuwa akiyatumia tangu utotoni, karatasi hiyo inaweza kumpotosha kuliko kutokuwa nayo.

Chukua hilo la kuyeyuka. Kiingereza cha kemia hutenga neno linalotamkwa “melt” kwa kitu kigumu kinachogeuka kimiminika kwa sababu ya joto. Kinachohitajika ni kitu kimoja na joto la kutosha: barafu kwenye nyuzi 0 za Selsiasi, nta ya mshumaa ikikaribiana na moto. Neno linalotamkwa “dizolv” linahitaji vitu viwili, kimoja kikisambaa ndani ya kingine mpaka hakionekani tena. Chumvi ya mezani hufanya hivyo katika maji ya kawaida ya mtungini, bila moto wowote. Ukitaka chumvi hiyo hiyo igeuke kimiminika yenyewe, bila maji, utahitaji kuipasha hadi nyuzi 801. Hakuna jiko la mkaa la nyumbani linaloweza kazi hiyo kwa urahisi, na mwanafunzi akishalisikia tarakimu hilo huwa vigumu kwake kusema tena kwamba chumvi ya kwenye uji “imemelti”.

Sasa mtunzi wa faharasa afanye nini? Akiandika “yeyuka” mbele ya maneno yote mawili, amemrudisha mwanafunzi pale pale alipokuwa. Kiswahili kina neno mumunyuka, ambalo watu hulijua kwa peremende inayoisha mdomoni, na wanaistilahi wamelitumia kwa maana hii ya pili. Mmumunyo ni kile kinywaji cha chumvi na sukari anachopewa mtoto anayeharisha. Basi barafu iyeyuke, sukari imumunyuke. Lakini kuchagua neno ni nusu ya kazi. Chini yake lazima pawe na sentensi moja ya onyo, kwa mfano: “Katika mazungumzo tunasema sukari imeyeyuka, katika kemia hatusemi hivyo, kwa sababu hapa kuna vitu viwili.” Bila sentensi hiyo mwanafunzi ataliona mumunyuka kama neno la kifahari tu lenye maana ile ile, na ataliruka.

Mtunzi akishalichagua shina, alifuate mpaka mwisho. Kiingereza kina ukoo mzima hapo: kitendo, mchanganyiko unaopatikana, kile kinachopotea ndani, na kile kinachokipokea. Hayo mawili ya mwisho, “solyut” na “solvent”, yanafanana kwa sauti kiasi kwamba hata mwanafunzi hodari huyabadilisha. Yakiwekwa kwa mpangilio wa alfabeti hutawanyika kurasa mbalimbali. Yakiwekwa pamoja, pamoja na mfano mmoja wa chumvi na maji unaorudiwa kwa kila neno, mwanafunzi anaona nani ni nani. Mpangilio wa alfabeti uachiwe ukurasa wa mwisho, kwa mtu anayetafuta neno haraka.

Fizikia ina mtego wake, nao ni uzito. Shule ya msingi na dukani, uzito ni kilo: gunia la unga lina uzito wa kilo 50, basi. Sekondari mwalimu anasema kilo ni kipimo cha “mas”, kiasi cha maada kilichomo, ambacho vitabu vya Kiswahili hukiita tungamo au masi. “Weit” ni kani ambayo Dunia inalivuta gunia hilo, na hupimwa kwa nyutoni. Kwa kuwa kila kilo huvutwa kwa nyutoni 9.8 hivi, gunia letu lina nyutoni 490. Likipelekwa mwezini litavutwa kwa nyutoni kama 80 tu, ingawa unga ni ule ule na utatoa ugali ule ule. Faharasa inayoandika “uzito” mbele ya “weit” na kuishia hapo iko sahihi kabisa, na bado mwanafunzi atajibu kwa kilo. Ingizo linalofaa litaje kipimo, tena kando ya neno lenyewe.

Kuna njia rahisi ya kujua kama ingizo linafanya kazi. Mpe mwanafunzi mambo manne: nta inayodondoka kutoka kwenye mshumaa, chumvi ndani ya maji, siagi kwenye kikaango cha moto, na glukosi kwenye glasi. Mwambie ayagawe mafungu mawili kwa kutumia faharasa peke yake, mwalimu akinyamaza. Akiweka siagi na chumvi pamoja, kosa liko kwenye karatasi na linafaa kurekebishwa kabla ya nakala nyingine kutolewa. Kumuuliza kama amelielewa neno hakusaidii, maana karibu kila mwanafunzi atasema ndiyo.

Faharasa nyingi pia husahau vitenzi vya maswali, labda kwa sababu si istilahi za sayansi hasa. Mwanafunzi anaweza kujua kila kitu kuhusu mmumunyo na bado akakwama kwenye maneno mawili ya mwanzo wa swali. “Akaunt fo” humkumbusha akaunti ya benki, akaanza kutafuta mahali pa kufanya hesabu, kumbe anatakiwa kutoa sababu. “Steit” hutaka jibu fupi lisilo na maelezo. “Eksplein” hutaka jibu lenye “kwa sababu” ndani yake. Vitenzi vya namna hii havijazi hata ukurasa mmoja, na mahali pake pazuri ni ndani ya jalada la mbele, kila kimoja na swali moja la mfano na jibu lake likiwa limeandikwa lote kwa Kiingereza.