Ujumbe wa Kwanza: Mpe Kitu cha Kujibu

Ukimwandikia mtu "Mambo", atajibu "Poa", na mazungumzo yameishia hapo. Salamu haina kosa, ila haikumpa la kuendeleza.

Tuseme mlikaa meza moja harusini, mkapeana namba. Anza na jina lako, kisha andika: "Tulikaa meza moja Jumamosi. Ulisema unajifunza kushona. Lile gauni ulilovaa ulilishona mwenyewe?" Hapo amekukumbuka, ameona ulimsikiliza, na ana swali moja jepesi la kujibu hata akiwa kwenye daladala.

Ukianza na "tangu nikuone silali", unamdai hisia ambazo bado hana. Maswali matano kwa mpigo nayo humfanya aone yuko kwenye usaili.

Ukishatuma, weka simu chini. Tiki za bluu zinaonyesha tu kwamba ujumbe umefunguliwa, "Mbona kimya?" hugeuza mwaliko kuwa deni. Akijibu na kukuuliza naye, endelea. Akijibu neno moja moja bila kuuliza chochote, au asipojibu kabisa, mwache kwa heshima.