Je, Wajua? Mkanda wa V wa konveya huanza na hesabu, humalizikia kidoleni

Je, wajua kwamba umbali kati ya shafti mbili huamuliwa na mkanda uliopo dukani? Chukua konveya ya magunia ya mahindi: puli ya mota ina kipenyo cha milimita 125 (d), ya konveya 250 (D), na fundi anataka shafti ziachane milimita 500 (C). Urefu wa mkanda ni:

L = 2C + 1.57(D + d) + (D − d)²/4C

Jibu ni karibu milimita 1,597. Mkanda wa V wa urefu huo hauuzwi; wa 1,600 upo. Basi mota inasogezwa nje nusu ya tofauti, karibu milimita 1.5. Ndiyo maana mota hufungwa kwenye reli: inasogezwa ndani ili mkanda uingie bila kusukumwa kwa bisibisi, kitendo kinachokata nyuzi zake za ndani.

Kisha mkaze. Bonyeza katikati ya upande ulio wazi, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye jedwali la mtengenezaji. Mkanda ubonyee milimita 16 kwa kila mita ya upande huo. Hapa ni kama milimita 8. Ukibonyea zaidi, utateleza: utapiga kelele konveya ikianza kubeba mzigo, na mbavu zake zitang'aa. Ukikazwa kupita kiasi, beringi ya mota ndiyo itakayopata moto. Mkanda mpya hulegea mapema, kwa hiyo pima tena baada ya siku moja ya kazi.