Mteja mpe tovuti, mwendesha boda mpe apu

Ndugu wawili wa kwetu Mombasa, kaka na dada, wamefungua jiko la chakula cha Pwani huku Umoja, Eastlands, jijini Nairobi. Asubuhi ni mahamri na mbaazi, jioni viazi vya karai, Ijumaa biriani. Wana boda nne za kupeleka, na wateja wao wametawanyika Buruburu, Donholm, Komarock hadi Pipeline. Oda huingia kwa kupigiwa simu na kwa WhatsApp, na zinapofurika jioni, moja husahaulika na nyingine hupelekwa mara mbili. Wakaona sasa wanahitaji mfumo. Fundi mmoja akawaambia apu ya Android na iPhone itawagharimu shilingi laki nne. Wao wamedunduliza laki moja na nusu. Ndipo yule dada akaniuliza, "Ami, tukope tutengeneze apu, au tovuti ya simu itatutosha?"

Mimi kazi yangu ni kuunda programu, na swali hili huletewa kila mara na vijana wenye biashara changa. Ugumu wake ni kuwa linauliza kitu kimoja kwa niaba ya watu wawili tofauti. Kuna mteja mwenye njaa Komarock, na kuna mwendesha boda aliye barabarani na sahani nne za biriani mgongoni. Kila mmoja anaitumia simu yake kwa namna yake, na jibu la mmoja silo la mwenzake.

Tuanze na mteja. Apu ni programu anayoipakua na kuiweka ndani ya simu. Tovuti huifungua kwa kivinjari, akimaliza anaifunga na kwenda zake. Tuseme apu ya jikoni kwao ina uzito wa MB 30, na ukurasa wa tovuti uliotengenezwa kwa uangalifu una KB 300. Apu ni nzito mara mia moja. Mtu aliyenunua bando la siku, na ambaye simu yake imejaa picha na video za WhatsApp hadi inamwomba afute vitu, hawezi kutoa nafasi hiyo kwa ajili ya mahamri anayoagiza mara moja kwa wiki mbili. Ukimtumia linki akabonyeza na kuiona bei ya biriani papo hapo, ataagiza. Ukimwambia apakue kwanza, wengi watasema "baadaye", nasi sote twaijua baadaye hiyo.

Wale ndugu walikuwa na hoja mbili za kutaka apu ya mteja. Ya kwanza ni malipo. Walidhani lile dirisha la M-Pesa linalojitokeza lenyewe na kumtaka mtu aandike namba ya siri hutoka ndani ya apu. Sivyo. Seva yao ndiyo inayotuma ombi kwa Safaricom, na dirisha hutokea kupitia laini ya simu. Mteja awe ameagiza kwa apu, kwa tovuti au kwa kumpigia dada mwenyewe, dirisha ni lile lile.

Lakini hapa pana mtego ambao ni wa tovuti hasa. Mteja anapoandika namba ya siri, kivinjari kinabaki nyuma. Kwenye simu yenye kumbukumbu ndogo, kivinjari kilichobaki nyuma huweza kufutwa, na mteja akirudi ukurasa unajifungua upya. Kama oda ilikuwa imehifadhiwa kwenye ukurasa tu, imepotea, na pesa zimeshakatwa. Kwa hiyo oda iandikwe kwenye seva kabla ya ombi la malipo kutumwa, na mteja apewe anwani yake ya oda, mfano:

```
/oda/q7xk29mzt4
```

Akirudi, ukurasa unaisoma anwani hiyo na kumwonyesha oda yake ilipofikia. Herufi ziwe za kubahatisha kama hizo. Msitumie 101, 102, 103, maana jirani mdadisi atabadilisha namba moja na kusoma simu na mlango wa mwenzake.

Jibu la malipo nalo huja kwenye seva, likiwa na tarakimu inayoitwa `ResultCode`. Ikiwa ni 0, pesa zimeingia. Ikiwa ni 1032, mteja mwenyewe ameghairi. Ikiwa ni 1037, simu yake haikupatikana au hakujibu kwa wakati. Mbili hizi zisichanganywe, kwa sababu aliyeghairi mwacheni, bali yule ambaye simu haikupatikana mpeni kitufe cha kujaribu tena. Na kama hakuna jibu lolote lililokuja, seva iulize yenyewe. Jiko lisiwashe moto kwa picha ya ujumbe wa M-Pesa iliyotumwa WhatsApp.

Hoja yao ya pili ilikuwa ramani. Wameambiwa apu inajua mteja yuko wapi kuliko tovuti. Simu ni ile ile na GPS ni ile ile. Tovuti ikifunguliwa kwa `https` na mteja akakubali, inapata mahali pale pale ambapo apu ingepapata. Tatizo la Eastlands ni jingine. Huko Pipeline magorofa yamesongamana hata mawimbi ya GPS yanagonga kuta kabla ya kufika kwenye simu, na alama kwenye ramani inaweza kuangukia jengo la pili au la tatu. Hata ikianguka sawasawa, haisemi ni ghorofa ya sita wala mlango upi. Kwa hiyo ramani iwe msaada tu, na chini yake pawe na nafasi ya kuandika kama watu wanavyoelekezana: "Buruburu awamu ya tatu, geti jeusi mkabala na kinyozi." Maneno hayo yahifadhiwe pamoja na namba ya simu, ili safari ijayo mteja asiyarudie.

Tena wako wanaotumia Opera Mini kwa kubana bando. Katika hali yake ya kubana zaidi, kurasa hupitia kwanza kwenye seva za Opera, na vitufe vingine, kikiwamo cha kutafuta mahali, huenda visifanye kazi. Fomu ya kuagiza ijengwe iweze kukamilika kwa kuandika peke yake. Nimewaambia waijaribu hivyo kabla ya kumlipa fundi shilingi ya mwisho.

Sasa tuje kwa mwendesha boda. Huyu anafanya kazi na mfumo siku nzima, hamkumbushi mtu kupakua kitu, na simu yake inakaa mfukoni au imefungwa kwenye usukani. Hapo tovuti inashindwa, na si kwa ufundi mbaya. Kioo cha simu kikizimika, ukurasa wa kivinjari hauruhusiwi kuendelea kusoma mahali alipo. Ramani ya jikoni itamwonyesha amesimama pale pale alipozima kioo, huku yeye ameshavuka Donholm. Oda mpya nayo inaweza kuingia kimyakimya. Kwa maoni yangu mlio wa oda ni muhimu kuliko hata ramani. Kwa boda nne unaweza kumpigia mtu ukamuuliza yuko wapi, lakini oda isiyosikika ni chakula kinachopoa.

Apu ya Android inaruhusiwa mambo hayo kwa masharti. Mwendeshaji anapobonyeza "naanza kazi", apu inaweka arifa juu ya kioo, na kwa muda huo Android inaiacha isome mahali hata kioo kikiwa kimezimwa. Akibonyeza "nimemaliza", usomaji ukome. Hili si adabu tu. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na mwajiri hana haja ya kujua kijana wake amelala wapi.

Hata hivyo simu nyingi za bei nafuu, ambazo ndizo vijana wa boda wanazo, zina mpango mkali wa kuokoa betri, na zinaweza kuizima apu hiyo bila kumwambia mtu. Dalili yake ni wazi ukijua pa kutazama. Mpe kijana simu mfukoni, aende Umoja hadi Buruburu na kurudi, kisha tazama saa za vituo vilivyorekodiwa. Vikifuatana kila sekunde 15, ni salama. Vikiwa vimekatika dakika chache baada ya kioo kuzimika na kurudi alipokiwasha, ni betri inayookolewa, wala si mtandao. Dawa yake iko kwenye mipangilio ya simu: iondoe apu hiyo katika orodha ya zinazobanwa. Fanyeni hivyo kwa mkono wenu kwenye kila simu, siku ile ile mnayoiweka apu.

Mtandao nao ukipotea ngazini, kitufe cha "nimefikisha" kisikatae. Kiandike tukio ndani ya simu pamoja na saa yake, kisha kitume mtandao unaporudi. Fundi akiweka saa ya kupokelewa badala ya saa ya tukio, kijana ataonekana mchelewaji kwa kosa lisilo lake, na ugomvi wa mishahara utaanzia hapo.

Hesabu ya ndugu zetu basi ikawa hivi. Tovuti moja kwa mteja, ambayo ukurasa wake mwingine ndio jiko linasomea oda. Kisha apu ndogo ya boda ya Android pekee, kwa sababu vijana wote wanne wana Android. Apu ya iPhone imeondoka kabisa, na pamoja nayo ada ya Apple ya dola 99 kila mwaka. Google Play hutoza dola 25 mara moja, lakini akaunti mpya ya mtu binafsi hutakiwa kwanza ijaribiwe na watu 12 kwa siku 14 mfululizo, jambo ambalo limewakwamisha wengi waliotangaza siku ya uzinduzi mapema. Kwa simu nne, faili ya apu inaweza kuwekwa moja kwa moja bila kupitia dukani. Fundi mwingine amekubali kazi hiyo yote ndani ya laki moja na nusu. Mkopo hawakuuchukua.

Kuna aliyewaambia kuwa bila apu wateja hawatawaona ni wakubwa. Jumia Food ilikuwa na apu, jina na pesa, na Desemba 2023 kampuni ikatangaza kuifunga huduma hiyo Kenya na kwengineko. Gharama ya kupeleka sahani moja hadi mlangoni haipungui kwa kuwa na apu.

Apu ya mteja inaweza kuja, nayo itajulikana kwa namba za simu zilizomo kwenye seva. Kila mwisho wa mwezi wahesabu ni namba ngapi zimeagiza mara nne au zaidi. Zikiwa nyingi, na hao hao wakawa wanalalamika kutafuta linki, kwanza wawaonyeshe jinsi ya kuiweka tovuti kwenye kioo cha mwanzo cha simu kama alama ya apu. Fundi anaiwezesha kwa faili moja dogo. Wakishafanya hivyo watu wa kutosha na bado wanataka zaidi, nimemwambia yule dada anipigie tena.