Ukishabonyeza "Tuma", Nini Kinafuata?

Mteja aliyeko Morogoro anaagiza khanga doti mbili kutoka duka la Kariakoo linalouza mtandaoni. Anajaza jina, namba ya simu na mtaa anaoishi, kisha anabonyeza "Tuma". Kioo kinaandika "Asante!" basi. Hajui kama oda imefika, kama alipe sasa au mzigo ukifika, wala ausubiri siku gani. Anabonyeza tena. Jioni mwenye duka anakuta oda mbili zinazofanana, na hawezi kujua kama mteja anataka doti mbili au nne.

Ujumbe mzuri tunaujua tayari. M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007, imetuzoesha: ukituma pesa unaletewa namba ya muamala, kiasi, jina la aliyepokea, tarehe, saa na salio. Lakini pesa ikishaingia, shughuli imekwisha. Oda ndiyo kwanza inaanza, kwa hiyo ujumbe wake una deni moja zaidi: kumwambia mteja kitakachofuata, na lini.

Kwa oda yetu ya khanga, ujumbe ungesomeka hivi: "Tumepokea oda Na. 1047: khanga doti 2, Sh 36,000. Tutakupigia leo kabla ya saa 11 jioni kuhakiki. Utalipa ukipokea mzigo." Mwishoni iwekwe namba ya duka. Tazama neno "tumepokea". Kama hujaangalia stoo, usiandike "imethibitishwa", maana mteja atahesabu mzigo ni wake, na khanga zikiwa zimekwisha utaonekana mwongo. Saa nayo iandikwe pale tu unapoweza kuitimiza. "Hivi karibuni" haimsaidii mtu anayetaka kujua kama atoke nyumbani au abaki.

Ujumbe huo unatosha kwenye SMS moja, ambayo hubeba herufi 160, nafasi na alama zikihesabiwa. Ukipachika kikatuni kimoja cha tabasamu, kikomo kinashuka hadi 70. Ujumbe unagawanyika vipande, na kwa kawaida mtumaji hulipia kila kipande. Mimi ningekiacha.

Maneno ya kwenye kioo peke yake hayatoshi, kwa sababu mteja akifunga ukurasa yamepotea. SMS inabaki simuni. Barua pepe inafaa pia, ila mara nyingine huangukia kwenye kapu la barua taka, kwa hiyo ukurasa umwambie mteja akaangalie huko. Fundi wa tovuti naye ahakikishe kwamba fomu ikishapokelewa, mteja anahamishiwa ukurasa mwingine. Asipofanya hivyo, mteja akiufungua upya ukurasa uleule, oda inaweza kutumwa mara ya pili bila yeye kukusudia.

Mwenye duka, leo agiza bidhaa kwenye tovuti yako kwa simu ya jirani. Kisha mpe asome ujumbe ulioingia, umuulize mzigo utafika lini. Akishindwa kujibu, uandike upya.